Mpwa wangu kaandikia mwalimu wa sayansi barua yenye projekti tatu, nisaidieni kuipitia kabla hajaipeleka (Lamu)

mjomba_langoni
Salaam alaikum jamaa wa hapa. Mpwa wangu yuko fomu thrii hapa Amu na mwalimu wao wa sayansi kawaambia kila anayetaka kuingia maonyesho ya sayansi, yale sisi tulikuwa twaita kongresi, amwandikie barua aseme ataka kufanya nini. Binti kaja na mawazo matatu na yote anayapenda. Mimi nilisoma biashara kwa hivyo nikasema niilete hapa kwa ruhusa yake, kuna watu wa fani humu. Barua yenyewe hii hapa, sijagusa hata herufi:

*Mwalimu, shikamoo. Ni mimi mwanafunzi wako wa kidato cha tatu, yule wa dawati la dirishani. Ulisema tukuletee wazo la projekti, mimi nina matatu na nimeshindwa kuchagua nikaona nikuandikie unisaidie.*

*La kwanza ni visima. Visima vya karibu na bahari maji yake yana chumvi na vya upande wa Shela chini ya michanga ni matamu zaidi. Nataka kupima chumvi ya visima kadhaa nijue kama inapanda wakati wa bamvua.*

*La pili ni sanduku la jua. Ni sanduku lenye kioo juu na maji ya bahari ndani, jua likipiga maji yanapanda mvuke yanaganda kwenye kioo yanateremka yakiwa matamu. Nataka kulitengeneza nione kama nyumba moja inaweza kupata maji ya kunywa.*

*La tatu ni samaki wa birika. Kwa nyanya birika la msalani lina visamaki na yeye husema ndio vinavyomaliza viluwiluwi vya mbu. Nataka kujua kama ni kweli na kama ni kweli vinakula vingapi.*

*Naomba mwalimu uniambie ipi inanifaa kushinda zote. Vifaa sina vingi, nina simu ya mjomba na mizani ya jikoni. Nitashukuru mwalimu.*

Haya, semeni.

Kaskazi_boy
Hiyo ya pili bana, sanduku la jua. Lamu shida ni maji wala si samaki. Kitu kama hicho majaji wakiona maji ya bahari yatoka matamu mbele ya macho yao kwisha kazi. Kuna video niliona sanduku moja latoa lita ishirini kwa siku, nyumba nzima yanywa

mzee_wa_maabara
Kaskazi_boy kanuni unayo sawa, sanduku lafanya kazi, ila lita ishirini hapana isipokuwa hilo sanduku ni kubwa kama mlango wa duka. Kugeuza lita moja ya maji kuwa mvuke kwataka nishati kama uniti 0.67 za stima, hizi uniti mnazonunua kwa tokeni. Jua letu la pwani kwenye mita moja ya mraba laleta uniti 5 mpaka 6 kwa siku nzima. Ugawe mwenyewe, hata kama hakuna kinachopotea hata kidogo hufiki lita 9. Na kinapotea kingi, joto latoka pembeni na chini, kioo charudisha mwanga, mvuke wavuja kwenye viungo. Sanduku la mbao la mwanafunzi likimpa lita 2 au 3 kwa mita moja ya mraba ashukuru Mungu.

Mimi nimestaafu, nilifanya kazi ya maabara miaka mingi na sehemu kubwa ya miaka hiyo ilikuwa mbu, sasa niko Malindi. Na nimewahi kukaa upande wa majaji wa hayo maonyesho. Sanduku la jua hilo huja kila mwaka na karibu kila shule. Jaji akifika pale anauliza swali moja tu, "ulikuwa unataka kujua nini?" na mtoto anajibu "nilitaka kutengeneza sanduku". Basi hapo yashaisha.

Kaskazi_boy
sawa mzee nimekubali lita. Lakini visima?

bi_wa_mkomani
Huyo mtoto mashallah. Mimi birika letu lilikuwa na samaki toka nikiwa mdogo, na chini ya birika kumejengewa bakuli la kauri, lile la kizamani la maua ya buluu, limezamishwa kwenye chokaa. Kazi yake maji yakipungua yakaisha samaki wasife, wanakimbilia ndani ya bakuli mpaka birika lijazwe tena. Nyumba za kale za Amu nyingi zilikuwa na hilo bakuli, watalii wakija waona ni pambo tu.

mjomba_langoni
Kwa mamangu bakuli lipo mpaka leo Bi, lina ufa lakini lipo.

fundi_tangi
Kama birika lavuja hapo kwenye bakuli mimi nafanya hiyo kazi, chokaa na simenti nyeupe, nipigieni. Halafu siku hizi wengi wavunja waweka tangi la plastiki la lita mia tano, ni nafuu na halina shida

mjomba_langoni
Fundi hatuuzi wala hatuzibi birika, twazungumza projekti ya shule 😂

mwl_physics_mstaafu
Mimi ningemshauri aende na visima na nitaeleza kwa nini. Swali lake lishakuwa swali, "je chumvi yapanda wakati wa bamvua?" Jibu ni ndiyo au la. Kifaa ni kimoja tu, kimita cha mfukoni cha kupima chumvi ya maji, hata wenye matangi ya samaki wa mapambo wavitumia na si ghali. Maji matamu ya Shela yanaelea juu ya maji ya chumvi chini ya ile michanga, mvua ndiyo inayoyajaza, na mji mzima umeishi kwa hayo. Kuna jambo gani kubwa kuliko hilo kwa mtoto wa Lamu?

mzee_wa_maabara
Mwalimu sikupingi kwamba ni jambo kubwa. Tatizo langu ni muda na ndoo. Muda kwanza: kisima kinabadilika zaidi kwa msimu kuliko kwa maji kujaa na kupwa, kiangazi na baada ya masika ni visima viwili tofauti, na huyu binti ana muhula mmoja. Akipima bamvua mbili na maji mafu mawili halafu katikati ikanyesha, hatajua kilichosogeza namba ni mwezi au ni mvua.

Na ndoo sasa. Ndoo ya kwanza ya alfajiri imetoka juu, maji ni matamu. Ndoo ya saa nne baada ya watu na punda wote kuteka imetoka chini zaidi na chumvi yake iko juu. Kisima kile kile, siku ile ile. Hapo amepima uvutaji wa watu akidhani amepima bahari. Inawezekana kulirekebisha, apime saa ile ile kila siku kabla mtu hajateka, kwa kina kile kile, lakini ni mwanafunzi wa kike, alfajiri, kwenye visima vya watu. Wazazi watakubali?

mwl_physics_mstaafu
Hapo kwenye alfajiri una haki. Kwenye msimu bado sijakubali, bamvua na maji mafu zapishana kwa wiki moja tu, akichukua siku za ukavu mfululizo atapata kitu. Lakini endelea na samaki wako tukusikie.

mzee_wa_maabara
Samaki basi. Na niseme kwanza kwa nini nalipenda wazo hili kwa Lamu haswa. Mwaka 2004 chikungunya ilipolipuka pwani hii ilianzia hapo hapo Lamu mjini, katikati ya mwaka, wakati wa ukavu. Waliokuja kupima damu baadaye walikuta kama watu watatu kwa kila wanne wa mji waliipata. Ikashuka Mombasa mwaka ule ule, 2005 ikawa Komoro. Watu wakauliza mbu wametoka wapi na mvua hakuna? Wametoka ndani ya nyumba. Maji yakiwa shida watu waweka akiba, kila pipa, kila mtungi, kila birika limejaa na limekaa siku nyingi bila kumwagwa. Mbu wa chikungunya, huyu mweusi mwenye madoa meupe miguuni aumaye mchana, Aedes aegypti, yeye hapendi dimbwi la nje, ataka maji masafi yaliyotulia kwenye chombo, kivulini. Birika la msalani ni kama limejengewa yeye.

bi_wa_mkomani
Wallahi nakumbuka ule mwaka. Watu walikuwa watembea wameinama kama wazee, viungo vyote.

salim_dawa
Kwa hiyo samaki hao wakiwekwa kila nyumba malaria nayo kwisha, hiyo projekti ipelekwe kaunti moja kwa moja

mzee_wa_maabara
Salim samaki kula viluwiluwi ni kweli, malaria kwisha hapana. Mbu wa malaria wazaliwa zaidi kwenye maji ya nje, madimbwi yenye jua, alama za kwato, mashimo ya kuchimba mchanga. Birikani hutawakuta sana. Na mtoto aweza kuwatofautisha kwa macho bila darubini: kiluwiluwi cha malaria hulala sambamba na uso wa maji kama kijiti kinachoelea, vile vingine vyaning'inia kichwa chini mkia juu, vyapumua kwa kimrija. Akiwa na beseni jeupe na tochi ya simu ataona. Hilo aliweke kwenye barua pia, kwamba atasema ni wa aina gani aliowakuta, maana jaji atauliza.

punda_haendi
Swali. Sisi nyumbani twamwaga birika lote kila Ijumaa na bado mbu wapo. Kwa nini

mzee_wa_maabara
Mwalisugua?

punda_haendi
twamwaga tu na kujaza

mzee_wa_maabara
Ndio hapo. Mbu huyu hatagi majini, ataga ukutani, kwenye ule unyevu juu kidogo ya maji, na mayai yameganda kwenye chokaa. Yakauka, yakaa miezi, hayafi. Ukijaza tena maji yakayafikia yaangua. Kwenye joto letu kutoka yai mpaka mbu wa kuruka ni kama wiki moja au siku kumi. Chukua brashi ngumu sugua ule mstari wote wa maji kabla hujajaza.

salim_dawa
Sisi twatia dawa ya klorini ndani ya tangi. Nilitia na birikani, samaki wote walikufa usiku mmoja

mzee_wa_maabara
Klorini ya kiasi cha kusafisha maji ya kunywa inatosha kuua samaki wadogo, yawaunguza mashavu wanayopumulia. Mwambie mpwa wako, mjomba, atumie maji ya kisima yasiyotiwa dawa, au kama ni ya mfereji ayaache wazi kwenye beseni siku moja kabla hajatia samaki. Vinginevyo atajikuta anapima sumu.

mjomba_langoni
Mzee tuambie basi afanyeje hasa, hatua kwa hatua. Yeye kaniambia atatia samaki mmoja kwenye ndoo na viluwiluwi mia ahesabu kesho yake vimebaki vingapi.

mzee_wa_maabara
Na kesho yake vitakuwa sufuri, ataandika "samaki alikula vyote", na hiyo nyanya yake alishajua bila projekti. Hilo ndilo swali lililo dhaifu kwenye barua: "kama ni kweli". Twajua ni kweli. Atafute kitu ambacho hata mimi sijui jibu lake.

bi_wa_mkomani
Mimi nina moja. Mamangu alikuwa akitupa vipande vya mkate birikani, na wali uliobaki, asema samaki nao wana njaa. Marehemu bibi alikuwa akimgombeza, asema ukiwalisha hawatafanya kazi. Waligombana miaka. Nani alikuwa na haki?

mzee_wa_maabara
Bi wa Mkomani umemaliza. Hiyo ndiyo projekti. Je, samaki aliyelishwa anakula viluwiluwi vichache kuliko mwenye njaa? Lina pande mbili, lapimika kwa beseni, na jibu lake kila nyumba yenye birika italitumia siku hiyo hiyo.

mwl_physics_mstaafu
Hapo nimekubali ni swali zuri. Ila viluwiluwi atapata wapi vya kutosha? Akitumia hamsini kwa kila beseni na mabeseni tisa, ni mia nne na hamsini kwa mara moja. Na asiwe anafuga mbu shuleni maana hapo ndipo mwalimu atakataa barua.

mzee_wa_maabara
Sawa kabisa na ndio maana asiache usiku kucha. Apunguze viluwiluwi na apunguze muda. Nawaandikia nilivyofikiria, mjomba umsomee polepole.

Atafute samaki sita wa aina moja na ukubwa unaokaribiana, kutoka birika za jamaa. Kila mmoja beseni lake, beseni jeupe, lita tano za maji ya kisima, juu lifunikwe kwa kipande cha chandarua maana visamaki hivi huruka nje na mbu nao asitoke. Siku ya kwanza asipime kitu, samaki aliyehamishwa huogopa akajificha pembeni hali kitu, ukimpima siku hiyo umepima woga.

Asubuhi ya siku ya pili samaki watatu wapewe chakula, kiasi kimoja kwa wote, tuseme kipande kidogo cha mkate kilichopimwa, watatu wasipewe. Baada ya saa moja atoe mabaki ya mkate kwa kichujio cha chai, atie viluwiluwi ishirini kila beseni, vya ukubwa wa kati. Vile vikubwa sana vyaweza kugeuka pupa akachanganyikiwa, vidogo sana hatavihesabu vizuri. Nusu saa kamili kwa saa ya simu. Halafu atoe samaki kwanza, ndipo ahesabu vilivyobaki. Asubiri dakika moja kila mara, kivuli chake kikipita juu vyote vyazama.

Siku ya tatu aache samaki wapumzike. Siku ya nne abadilishe: waliokuwa na njaa walishwe, waliolishwa wakae na njaa. Hiyo kubadilisha ndiyo nguvu ya projekti nzima.

Kaskazi_boy
Kwa nini kubadilisha? si wale sita wametosha

mzee_wa_maabara
Kwa sababu samaki si sawa. Tuseme, hizi nabuni tu ili muone, siku ya kwanza ya kupima wenye njaa wamebakisha 5, 8 na 3. Waliolishwa wamebakisha 14, 6 na 17. Wastani ni kama 5 kwa 12, waonekana mkate umewavivusha. Lakini tazama yule aliyelishwa akabakisha 6 tu, kala kumi na nne na tumbo lina mkate. Na yule mwenye njaa aliyebakisha 8 kashindwa naye. Jaji mkali atasema labda hao watatu uliowalisha ni wavivu toka mwanzo. Huna jibu. Ukibadilisha wamlinganisha kila samaki na nafsi yake, alipokuwa na njaa alikula ngapi, alipolishwa ngapi. Kama wote sita, au watano kati ya sita, walikula vichache walipolishwa, hapo waweza kusimama mbele ya mtu. Kama ni watatu kwa watatu, mkate hauna neno na bibi yake Bi alikuwa akigombeza bure.

Na mabeseni mawili ya ziada yasiyo na samaki, viluwiluwi ishirini ndani, nusu saa, ahesabu. Vitabaki ishirini. Akihesabu akapata kumi na nane, basi ajue jicho lake lakosea viwili, na tofauti yoyote ndogo ya kiluwiluwi kimoja au viwili kati ya samaki asiisemee kitu.

mwl_physics_mstaafu
Hilo la mabeseni matupu ningeliweka juu kabisa kwenye barua. Walimu hulipenda sana.

salim_dawa
Na namba ikitoka mbaya kama huyo wa 6 aitoe?

mzee_wa_maabara
Asiitoe. Aandike zote kwenye jedwali na achore kila samaki nukta mbili zilizounganishwa kwa mstari, ya njaa na ya shibe. Mistari sita. Mtu akitazama aona mwenyewe ni mingapi yashuka na mingapi yapanda. Wastani peke yake waficha mambo. Kama samaki alikuwa mgonjwa, amelala ubavu, hapo aandike tangu kabla hajahesabu kwamba alikuwa mgonjwa. Akingoja aone namba kwanza ndipo aseme alikuwa mgonjwa, hapo anajidanganya.

punda_haendi
Msalani kwetu ni giza. Samaki wanaona hao wadudu?

mzee_wa_maabara
Hah. Swali zuri na sina jibu la hakika kwa visamaki vyenu. Samaki wengi wadogo wa kula mbu huwinda kwa macho kwa hivyo giza laweza kuwapunguza. Lakini asichanganye giza na mkate kwenye projekti moja, afanye mabeseni yote mahali pamoja penye mwanga ule ule. Aandike tu kwamba alifanya kwenye mwanga wa barazani na birika la kweli lina giza zaidi, kwa hivyo namba zake si lazima ziwe za birikani.

mwl_physics_mstaafu
Mimi ningefanya kinyume, ningepima giza na kuacha mkate. Mkate mtu aweza kuacha kutupa, giza la nyumba za mawe halibadiliki. Kama kwenye giza hawali basi mila yote ya samaki ina walakini.

mzee_wa_maabara
Na ahesabu vipi gizani mwalimu? Akiwasha tochi samaki kaona. Ila ni hoja, sikatai. Mwaka kesho.

bi_wa_mkomani
Mwaka kesho mimi nitakuwa nishajua kama bibi alikuwa na haki, inatosha

mjomba_langoni
Nimekaa na binti nimemsomea yote. Kauliza mambo mawili. Viluwiluwi atapata wapi na vitakavyobaki avipeleke wapi. Na pia kasema samaki wa birika la nyanya wakiisha kazi atawarudisha ama awaachilie kwenye dimbwi la mvua kule nyuma.

mzee_wa_maabara
Hesabu yake: mabeseni manane mara ishirini ni 160 kwa siku ya kupima, mara mbili ni 320. Vilivyobaki vizima siku ya pili aweza kuvitumia tena siku ya nne kama havijageuka pupa, lakini ni bora vipya. Apite kwa majirani aangalie mapipa na ndoo zilizosahauliwa, matairi, hatakosa. Asizalishe mbu mwenyewe hata siku moja. Akichota aweke kwenye chupa yenye chandarua mdomoni na avitumie ndani ya siku moja au mbili. Vikibaki amwagie maji yaliyochemka, au awape samaki waliokwisha kupimwa. Hakuna kumwaga mtaroni.

Samaki warudi kule kule walikotoka. Dimbwi la mvua asiwaachilie, madimbwi ya pwani hii yana visamaki vyake vya asili ambavyo mayai yake hukaa kwenye tope kiangazi kizima yakingoja mvua, samaki mgeni akiingia huko ala vifaranga vyao.

Kaskazi_boy
kumbe kuna samaki wa tope. hii uzi imekua shule

fundi_tangi
Lakini mimi bado nauliza, huyo binti birika la kwao lina ufa kwenye bakuli, samaki akikimbilia hapo maji si yatakwisha? mjomba usidharau nipigie

mjomba_langoni
Fundi njoo Jumamosi bana, mama kasema sawa 😂

Haya, barua mpya kaandika hii, katoa mbili akabakisha moja lakini kazitaja zote mwalimu asidhani hakufikiri:

*Mwalimu, shikamoo. Nilikuwa na mawazo matatu. Visima nimeviacha kwa sababu kupima vizuri kwataka alfajiri kabla watu hawajateka na siku za ukavu nyingi, na muhula hautoshi. Sanduku la jua nimeliacha kwa sababu nilikuwa nataka kulitengeneza tu, sikuwa na swali. Nimebaki na samaki wa birika, na swali langu ni hili: samaki aliyelishwa mkate anakula viluwiluwi vichache kuliko alipokuwa na njaa? Nitatumia samaki sita, kila mmoja atapimwa mara mbili, na mabeseni mawili bila samaki ili nijue nahesabu vizuri. Viluwiluwi nitavichota kwa majirani, sitavizalisha, na mabeseni yatafunikwa. Nitaandika pia ni vya mbu gani. Naomba mwalimu uniambie mambo mawili: kama unaruhusu nifanyie kwenye baraza ya maabara au nifanyie nyumbani, na kama nusu saa ni muda wa kufaa au nijaribu kwanza na samaki mmoja nione anakula kwa kasi gani.*

mzee_wa_maabara
Huyo swali lake la mwisho ni zuri kuliko majibu yangu. Ndiyo ajaribu kwanza na samaki mmoja asiye katika wale sita. Akimaliza ishirini ndani ya dakika kumi, nusu saa ni ndefu mno, wote watafika sufuri na mkate hautaonekana. Akila viwili tu, ni fupi. Atafute muda ambao mwenye njaa anabakisha robo hivi.

mwl_physics_mstaafu
Na aandike huo muda kwenye barua kabla hajaanza wale sita, asiubadilishe katikati.

mjomba_langoni
Mwalimu kajibu leo. Kakubali samaki, nyumbani hapana, lazima iwe baraza ya maabara na yeye awepo siku za kuhesabu kwa ajili ya mbu. Kampa mabeseni manne ya shule, mengine tutafute. Na kamwambia visima visitupwe, ana mpango wa kuwapa watoto wa fomu wan waanze kupima kila mwezi mpaka wafike fomu thrii.

mwl_physics_mstaafu
Alhamdulillahi. Mwambie nina kimita cha chumvi hapa kimelala kabatini, betri ndio mpya atafute.

bi_wa_mkomani
Mabeseni meupe mimi ninayo mawili ya harusi, atume mtu. Ila yarudi.

punda_haendi
nimesugua birika na brashi. tutaona wiki ijayo